Wanafunzi waligawana maji ya Ziwa Naivasha kwa dakika 12, wakapiga makofi. Nimekosea wapi?

Mwl_Malewa (mwanzisha uzi)

Habari zenu wakuu. Nafundisha Masomo ya Jamii gredi ya nane huku Naivasha, darasa lina watoto 46. Juzi niliwapa zoezi la kuigiza, kundi moja wakulima, lingine maafisa wa maji, lingine wavuvi, nikawaambia ziwa lina ndoo 100 na ukame umeingia, kaeni chini mkubaliane kila mtu apate ngapi. Nilikuwa nimetenga vipindi viwili vya dakika 40 kwa hiyo nikajua tutapelekana mpaka kengele.

Dakika ya 12 wakaniita. Wamemaliza. Wakulima ndoo 40, wavuvi 30, maafisa 30. Wakapiga makofi, msichana mmoja akasema mwalimu tumegawana kwa amani. Nikabaki nimesimama na chaki mkononi, kwa sababu sikuwa na swali la kuwauliza. Maafisa wanafanyia nini ndoo 30? Na wavuvi nilipowauliza zenu mtazifanyia nini, mmoja akajibu "tutaweka samaki".

Hawa ni watoto waliokulia kando ya ziwa. Wazazi wao wengine wanafunga maua, wengine wanavua, wengine wana shamba kule juu Kinangop. Wanajua kuliko hivyo. Naona kosa liko kwenye zoezi lenyewe, si kwao, ila sijui ni wapi. Aliyewahi kufanya hili anisaidie, nataka kulirudia wiki ijayo.

---

MamaKihoto

Mwalimu naomba usiwapeleke watoto ziwani kabisa. Viboko wa hapa hawana saa, wanatoka hata mchana siku hizi, na tangu maji yapande 2020 wanazunguka mpaka karibu na nyumba. Mwanangu yuko gredi ya saba na nimeshamkataza kupita njia ya chini.

---

Mwl_Malewa

Mama asante, ila hatutoki darasani. Ni maigizo tu, wanakaa kwenye madawati wakijifanya wakulima na wavuvi.

---

MamaKihoto

Aah sawa basi mwalimu, nimeona ziwa nikashtuka. Endeleeni.

---

Kijana_wa_Karagita

Mwalimu mi naona tatizo ni kwamba hukuwaambia ukweli. Maji ya Naivasha yanamalizwa na mashamba ya maua, kila mtu anajua, wanavuta na pampu usiku na mchana wanapeleka maua Ulaya. Halafu 2010 samaki wakafa wakaelea wengi kwa sababu ya madawa ya maua. Sasa ukiweka "wakulima" kama kundi moja watoto hawaoni adui ni nani. Tenganisha mashamba ya maua na mkulima mdogo, halafu wavuvi wapewe angalau asilimia 30, zoezi litawaka moto lenyewe.

---

ChakiNaVumbi

Niko Kisumu, nimefanya maigizo kama haya mara nyingi. Siri ni muda. Wape dakika tano kila kundi waandae hoja, dakika mbili za kuzungumza, halafu kura. Watoto wasipobanwa na muda wanamaliza haraka au hawamalizi kabisa. Na chagua mwenyekiti mkali.

---

MsomaKipimo

Mwalimu, nimekaa miaka mingi katika chama cha watumia maji kwenye bonde hilo hilo, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushuka asubuhi kusoma kibao cha kipimo pale ziwani na kuandika namba kwenye daftari. Uzi wako umenigusa kwa sababu kosa ulilofanya ndilo lile lile watu wazima walilokuwa wanafanya kwenye mikutano yetu mwanzoni.

Uliwapa ziwa kama keki. Keki unaikata, kila mtu anachukua kipande, imekwisha, makofi. Lakini ziwa halikatwi. Linaingiwa na maji ya mto na mvua kila msimu na linatoka maji kila siku, na swali la pale Naivasha halikuwahi kuwa nani apate ngapi, ni kina kibaki wapi baada ya kila mtu kuchukua.

Ndo maana mtoto wako wa kundi la wavuvi alijibu "tutaweka samaki". Alikuwa karibu kabisa na ukweli ila zoezi lilimnyima njia ya kuusema. Mvuvi haombi ndoo hata moja. Mvuvi anaomba maji yabaki pale pale yalipo, yafunike mizizi ya mafunjo kwenye ukingo kwa sababu ndipo samaki wengi wanazalia na watoto wa samaki wanajificha. Ukimpa mvuvi ndoo 30 mkononi umemwonea. Anachodai ni mstari ukutani, si ndoo.

Na maafisa hawana maji. Wana daftari la vibali na wana mamlaka ya kusema pampu hii izime. Ukiwapa ndoo unawageuza wakulima.

Nitarudi jioni niandike jinsi ya kulipanga upya, sasa hivi niko njiani.

---

Mbarali_Mpunga

Hii imenipeleka nyumbani. Mimi niko Mbarali, Tanzania, na sisi si ziwa ila ni yale yale. Mifereji ya mpunga Usangu inachukua maji, kinamasi cha Ihefu kinapungua, mto Ruaha Mkuu unakauka miezi ya kiangazi, halafu kule chini kwenye bwawa la Mtera kuna wavuvi na kuna umeme. Baba yangu ana kibali cha mfereji na bado tunagombana na majirani kila mwaka mwezi wa kumi. Je mwalimu unadhani naweza kulifanya na bwawa badala ya ziwa? Na nani aigize Tanesko, wale wa shirika la umeme?

---

Mwl_Malewa

@MsomaKipimo nimesoma ujumbe wako mara tatu. "Mvuvi haombi ndoo" imenikaa kichwani. Nasubiri jioni.

@Mbarali_Mpunga sijui kuhusu Mtera, tumsubiri mzee labda atagusa.

---

MsomaKipimo

Nimefika. Naandika kirefu mnisamehe.

Tafuta beseni la plastiki linaloonyesha ndani, lenye kuta zilizonyooka, na kikombe kimoja kidogo cha kupimia. Weka maji halisi, usitumie karatasi wala maharage, watoto wakiona maji yanashuka kwa macho yao hubishani nao tena. Mimina vikombe 20. Nje ya beseni chora kwa kalamu ya wino mzito mistari miwili, mmoja pale maji yanapofika ukiwa na vikombe 16, mwingine pale pa vikombe 12. Juu ya mstari wa kwanza ni kijani, katikati ni njano, chini ya wa pili ni nyekundu. Hizo rangi sikuzitunga, mpango wa kugawa maji wa bonde la Naivasha uliotokea baada ya ukame wa 2009 ulikuwa wa namna hiyo, ziwa likishuka hadi kiwango fulani watu wote wanajua mapema wanapunguza kiasi gani.

Sasa makundi manne, si matatu. Wakulima wa juu, yaani wa Kinangop na kando ya mto Malewa, viazi na kabichi, hawa wanachukua maji mtoni kabla hayajafika ziwani. Wakulima wa chini, wa maua, wanavuta ziwani kwenyewe. Wavuvi. Na maafisa.

Mchezo unaenda kwa raundi, kila raundi ni mwaka. Mwalimu unafungua kadi ya mvua. Kadi ya mwaka wa kawaida mto unaleta vikombe 7, ya ukame 4, ya mvua nyingi 12. Mto unapita kwanza kwa wakulima wa juu, wanachota wanavyotaka, haja yao ni vikombe 2. Kinachobaki ndo kinaingia beseni. Halafu, kabla mtu mwingine yeyote hajagusa, wewe mwalimu unatoa vikombe 5 unamwaga kwenye ndoo pembeni unawaambia hili ni jua. Unatoa kingine 1, unasema hiki kimezama chini ya ardhi. Ndipo wa maua wanachota, haja yao pia ni 2.

Hapo kwenye jua usiruke. @Kijana_wa_Karagita nakuheshimu lakini umepata nusu. Jua linakula maji ya Naivasha kuliko mashamba yote ya maua yakijumlishwa pamoja, kwa mwaka linanyanyua maji ya kina cha zaidi ya mita moja na nusu, na mvua inayodondoka juu ya ziwa lenyewe hairudishi hata nusu ya hiyo. Ziwa linaishi kwa sababu ya mto, na sehemu kubwa kabisa ya maji ya mto ni Malewa. Hilo halimaanishi pampu hazina kosa. Maana yake ni kwamba jua huwezi kuliandikia barua lipunguze, pampu unaweza, kwa hiyo ugomvi wote unakaa kwenye kile kipande kidogo ambacho binadamu wanashika. Watoto wakilielewa hilo wameelewa ziwa.

Na 2010 nilikuwepo, niliwaona hao samaki. Wengi walisema ni madawa. Wachunguzi wa serikali walisema samaki walikosa hewa majini, ziwa lilikuwa limeshuka sana kwa ukame halafu mvua za kwanza zikasomba matope na uchafu wa mwaka mzima kuuingiza kwenye maji machache. Ubishi ule haujaisha mpaka leo na sitaumaliza hapa. Ila angalia, hata ukichukua upande upi, kina kidogo kipo ndani ya sababu.

Wavuvi sasa. Hawachoti chochote. Mwisho wa kila raundi wanaangalia rangi. Kijani wanapewa vizibo vya soda 6, njano 4, nyekundu 1. Kizibo ni samaki. Hawana kikombe, wana mdomo tu, kwa hiyo inabidi waende kuongea na wale wenye vikombe. Hapo ndo maigizo yanaanza.

---

ChakiNaVumbi

Mzee hii nimeipenda ila naona hatari. Ukiwapa namba zote hizi inakuwa hesabu, si maigizo. Watoto wataangalia kikombe hawataangaliana.

---

MsomaKipimo

Mwalimu wa Kisumu una pointi, ndo maana namba ni chache na haja za watu hazibadiliki. Ngoja nikutembeze raundi nne uone jinsi inavyowalazimisha kuongea.

Tunaanza na 20. Mwaka wa kwanza kawaida, mto 7, wa juu wanachota 2, zinaingia 5, jua na ardhi wanachukua 6, ziko 19, maua wanachota 2, zinabaki 17. Kijani, wavuvi wana samaki 6, kila mtu anacheka.

Mwaka wa pili ukame. Mto 4, wa juu bado wanachota 2 kwa sababu hakuna aliyewakataza, zinaingia 2. Kumi na saba na mbili 19, toa 6 ni 13, maua 2, zimebaki 11. Ziwa limeruka njano yote limeingia nyekundu kwa mwaka mmoja. Hapo utasikia darasa. Wavuvi wana samaki mmoja kundi zima.

Mwaka wa tatu fungua tena ukame. Maafisa wanatangaza nyekundu, kila mkulima anapunguza hadi nusu, kikombe 1 na kikombe 1. Kumi na moja, ongeza 3 za mto, toa 6, toa 1. Zimebaki 7. Yaani wamejinyima na ziwa bado limeshuka. Mwalimu hapo utaona uso wa mtoto aliyepunguza. Ndo uso niliokuwa nauona kwenye mikutano. Mkulima anakwambia nimezima pampu miezi mitatu na kibao chako kinasoma chini kuliko mwanzo, kwa hiyo kulikuwa na faida gani.

Mwaka wa nne mvua nyingi, 12. Bado ni nyekundu kwa hiyo wanachota 1 na 1. Saba ongeza 11 ni 18, toa 6, toa 1, ni 11. Bado hawajafika hata njano! Mvua imenyesha, mto umejaa matope, na afisa anasema bado. Hapo ndo afisa anajifunza kazi ya afisa.

Baada ya hapo chukua ubao, waambie tuhesabu kama hakuna aliyepunguza miaka ile miwili. Inatoka 5 mwaka wa tatu na 7 mwaka wa nne. Saba dhidi ya kumi na moja. Vikombe vinne ndo faida ya kujinyima kwao, na haikuonekana wakati wanajinyima. Mimi ingekuwa nina kipindi kimoja tu cha kufundisha maisha yangu yote ningefundisha hicho.

---

Kijana_wa_Karagita

Nimekubali ya jua, sikujua. Lakini mzee visima je? Mashamba makubwa yana visima virefu karibu kabisa na ziwa, wanasema sisi hatuvuti ziwani. Afisa atakataza nini hapo?

---

MsomaKipimo

Hapo umeshika kidonda kijana wangu. Kisima kilicho karibu na ziwa kinakunywa maji yale yale, yanapita tu chini ya mchanga. Na kulikuwa na pampu nyingi zisizo na kibali chochote. Huwezi kugawa maji usiyojua yanachukuliwa na nani, na ndo maana miaka ile kazi kubwa ilikuwa kwanza kuzunguka shamba kwa shamba kuandika nani anavuta wapi.

Kwenye mchezo, mpe mtoto mmoja wa kundi la maua karatasi iliyokunjwa, imeandikwa "una kisima, unaweza kuchota kikombe kimoja zaidi kila raundi maafisa wakigeuka". Usimwambie mwingine. Maafisa wana ruhusa ya kukagua kundi moja tu kwa raundi kwa sababu hawana gari la pili. Utaona hesabu yako ya ubaoni haifanani na beseni, na watoto wenyewe wataanza kuuliza maji yameenda wapi. Usiwajibu.

---

NyavuNne

Mimi nilivua Naivasha, sasa nimestaafu niko Gilgil. Naomba niongeze kitu ambacho hakitawapendeza wavuvi wenzangu. Mwaka 2001 uvuvi ulifungwa pale, na si kwa sababu ya maua. Tulikuwa tumevua kupita kiasi, nyavu za macho madogo, watu kuvuta ufukoni usiku, tilapia wakawa wa kidole. Ziwa linaweza kuwa kijani na samaki wasiwepo. Kwa hiyo mwalimu usiwafanye wavuvi malaika. Wape na wao uamuzi, wavue kwa nyavu kubwa wapate kidogo leo na zaidi kesho, au nyavu ndogo wapate vizibo viwili vya ziada raundi hii na raundi ijayo wapungukiwe vitatu. Nilipoona samaki wale wadogo kwenye mtumbwi wangu nilikuwa najua, na niliwauza hata hivyo kwa sababu karo ilikuwa imefika.

---

MsomaKipimo

Mzee NyavuNne asante kwa kusema. Kiongezwe.

---

Mwl_Malewa

Nimenunua beseni na nimepiga mistari. Swali moja tu kabla ya Alhamisi. Watoto wangu wengine mama zao wanafunga maua kiwandani. Nimuweke mtoto huyo kundi la maua, au nimuweke kwa wavuvi aone upande wa pili?

---

ChakiNaVumbi

Upande wa pili bila kufikiri. Kuigiza maana yake ni kuvaa kiatu ambacho si chako.

---

NyavuNne

Mimi nakataa. Mtoto wa mvuvi ana mambo anayojua ambayo wewe mwalimu huyajui, ukimpeleka kwenye maua utapata mtoto anayebahatisha. Muache aseme anachokijua.

---

Mama_wa_Grinihausi

Samahani naingilia, nasoma tu siku zote. Mimi nafanya kwenye maua mwaka wa tisa sasa. Mnavyosema "maua wapunguze kikombe kimoja" mnajua ni nini? Maji yakipunguzwa wanapunguza vitanda, wakipunguza vitanda sisi wa vibarua ndo tunaambiwa kesho usije. Mwenye shamba yeye hakosi chakula. Kwa hiyo mwalimu kwenye kundi la maua weka na mfanyakazi, si bosi peke yake. Huyo mfanyakazi jioni anakula samaki wa yule mvuvi na anakunywa maji ya bomba la mji.

---

Mwl_Malewa

Mama asante sana kwa hili. Nimeandika. Kila kikombe maua wanachopunguza, wanafunzi wawili wa kundi hilo watakaa pembeni raundi ijayo bila kuongea. Sijui kama ni haki lakini nitajaribu.

---

Mwl_Malewa

Nimerudi wakuu. Tumelifanya leo, vipindi viwili vyote na mapumziko yakaliwa.

Makundi niliyapanga kwa kuhesabu tu moja mbili tatu nne, sikuchagua, kwa hiyo wengine waliangukia kwao na wengine la. Raundi ya kwanza ikaenda kama mzee alivyosema, vicheko. Nilipomwaga vikombe vitano vya jua mvulana mmoja akasimama akasema "mwalimu huo ni wizi", nikamwambia kamshtaki.

Raundi ya pili ndo walinyamaza. Maji yalishuka chini ya ule mstari mwekundu na ukingo wa beseni ukabaki na alama ya unyevu pale yalipokuwa kabla. Msichana wa kundi la wavuvi, mtoto mpole kabisa ambaye haongei darasani, akaja na rula yake, akaisimamisha ndani ya beseni akapima ule unyevu. Akaenda na rula ikidondosha maji mpaka kwa wakulima wa juu, si kwa maua, akawaonyesha kwa kidole, "hapa ndipo samaki walikuwa". Nilidhani wote watawaendea maua. Yeye alikuwa ameona kwamba wa juu wanachota kabla ya jua.

Wa juu wakamjibu vizuri pia, wakasema sisi tuna ng'ombe na viazi na hatuna pampu ya stima, mbona hamuendi kwa tajiri. Basi kundi la maua likatoa wazo ambalo mimi sikuwafundisha. Wakawaambia wa juu, mkituachia kikombe kimoja tutawapa mbegu za nyasi mpande kwenye mteremko. Walipatana kwa mkono.

Karatasi ya kisima ilifanya kazi mpaka raundi ya tatu. Hesabu ya ubaoni ilisema 7, beseni lilikuwa na 5, kwa sababu yule mvulana alichota raundi mbili bila kushikwa. Maafisa walikagua wa juu mara mbili mfululizo. Alipogundulika hakuna aliyemcheka, yule wa rula alimuuliza tu "ulikuwa unajua tuna samaki mmoja?". Akasema alikuwa anajua.

Palipovunjika ni raundi ya nne. Mvua nyingi, beseni likafika vikombe 9, bado nyekundu. Wakulima wa makundi yote mawili wakadai maafisa wateremshe mstari. Maafisa wakagawanyika nusu kwa nusu, mmoja akachukua kitambaa akafuta mstari kwenye beseni akachora mwingine chini. Wavuvi wakaanza kupiga kelele, kengele ikalia. Sikujua niseme nini. Je nilitakiwa kumzuia asifute?

---

MsomaKipimo

Mwalimu, hiyo ya nyasi imenitoa machozi. Ndicho kilichofanyika kweli, wakulima wa juu walipewa vocha za pembejeo na watumiaji wa chini ili wapande nyasi na miti kwenye miteremko, udongo usishuke mtoni. Ilisaidia matope kuliko ilivyosaidia kiasi cha maji lakini ni watu wa juu na wa chini walikaa meza moja.

Kuhusu mstari, mimi ningemwacha afute. Ila ningewauliza kitu kimoja. Sheria ya maji ya Kenya ya 2002, na ile ya 2016 iliyokuja baadaye, inatenga kwanza maji ya akiba, ya watu kunywa na ya viumbe vya majini, kabla ya kibali cha mtu yeyote. Afisa anaweza kubadilisha kibali. Je mstari mwekundu ni kibali au ni akiba? Wakisema ni akiba, hakuwa na ruhusa ya kushika kile kitambaa.

---

NyavuNne

Na wakisema mstari ulichorwa na mwalimu kwa kalamu bila kuwauliza wavuvi?

---

MsomaKipimo

Hapo mzee umenishika. Hata ule wa kweli ulibishaniwa sana.

---

ChakiNaVumbi

Mimi bado nasema mwalimu ungemzuia. Mchezo una kanuni, mtoto akifuta kanuni mchezo umekwisha.

---

MamaKihoto

Jamani mnaongea ukame tu. Sisi Kihoto 2020 maji yaliingia mpaka madirishani, watu wakahama na magodoro kichwani. Kati ya ule ukame wenu wa 2009 na sisi ziwa limepanda zaidi ya mita tano. Kwenye hilo beseni mstari wa juu uko wapi? Hamna. Na sisi tuliojenga pale maji yalipokuwa yamerudi nyuma tuko kundi gani?

---

Mwl_Malewa

Mama Kihoto sikuwa nimefikiria kabisa. Beseni lina nafasi ya mstari wa tatu juu ya 20. Kadi mbili za mvua nyingi zikifuatana likianza 20 linafika 24 hata kila mtu akichota haja yake yote, nimehesabu sasa hivi. Naweza kuweka nyumba za kiberiti kwenye ukingo.

Watoto watatu wa darasa hilo wametoka Kihoto. Nitawauliza wao kwanza mstari uchorwe wapi.

---

Mbarali_Mpunga

Wakuu, na Tanesko je? Sisi jambo letu ni kwamba mwenye mitambo yuko mwisho kabisa wa mto lakini simu yake ndo inapokelewa kwanza.

---

MsomaKipimo

Ndugu wa Mbarali nisamehe nilikusahau. Weka beseni mbili, la kwanza Ihefu, la pili Mtera, na tundu dogo katikati. Wavuvi wakae la pili pamoja na huyo wa mitambo, usiwatenganishe, maana wote wawili wanataka maji yafike ila mmoja anayataka yakae na mwingine anayataka yapite. Sijui litaishaje, ukilifanya rudi hapa utuambie.